Mbuzi Mweupe Katika Picha ya Miche

Mimi ndiye niliyetoa shauri la picha, na nililitoa kwa sababu ninajijua. Nikishakula chakula cha mtu, siwezi kumwambia neno baya. Nitamwambia watoto wake ni wazuri hata kama mmoja amenitemea mate. Ndivyo nilivyolelewa, na mama yangu alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko kwa sala.

Tulikuwa kikundi cha wakulima kumi na wawili, katika mashamba ya kugawiwa yaliyo bara ya Msambweni, miaka ile ya mwisho wa tisini kabla simu za mkononi hazijatufikia. Tulilima nyanya na kuziuza katika hoteli moja ya Diani. Tulikuwa na pampu moja pale mtoni, na pampu ilikuwa na sheria yake: mtu akikosa mavuno misimu miwili mfululizo, zamu yake ya maji inakwenda kwa mwingine. Sheria hiyo tuliipitisha sote kwa kunyosha mikono, siku ambayo kila mmoja alidhani inamhusu jirani yake.

Ikaja kumhusu jirani yangu kweli. Alikuwa mjane, mtu wa bara, Mkristo, aliyefika pwani na mumewe walipogawiwa shamba, na mumewe akazikwa hapo hapo. Msimu uliopita nyanya zake zote ziliharibika. Majani yaliungua kama yaliyopitishwa motoni, na ile michache iliyozaa ikatoa nyanya zenye vigaga ambazo hoteli ilizikataa. Wengine tuliokota kidogo. Yeye, ambaye shamba lake liko bondeni penye unyevu, hakuokota hata ya mchuzi. Kikundi kikasema ni mvua. Msimu mmoja zaidi kama huo, angepoteza maji, na bila maji shamba lile ni mchanga na miiba. Alishaniambia waziwazi kwamba ikifika hapo atarudi kwao bara, akaishi jikoni kwa shemeji yake.

Miche ya msimu ule wa hasara niliichagua mimi. Nilikuwa katibu, na kikundi kilinituma kitaluni huko Mkongani. Hayo wote waliyajua. Lililobaki sikumwambia mtu.

Basi tulipokutana kupanga msimu mpya, nikasimama nikasema safari hii tusiende kuangalia miche kwa miguu yetu. Tumtume fundi wa picha, apige trei za vitalu vitatu, tuzipange mezani tuzilinganishe sote pamoja, kwa macho ishirini na manne.

"Kwa nini tusiende wenyewe?" akauliza mwenyekiti. Alikuwa mzee aliyestaafu upishi hotelini, mwenye tumbo la heshima, na kila mmea aliuangalia kama unaoelekea sufuriani.

"Kwa sababu tukienda tutakaribishwa," nikasema.

Akafikiri. Yeye mwenyewe alikuwa akipenda sana kukaribishwa. Lakini hoja ilikuwa nzito, akaipitisha.

Fundi tuliyempata alitoka Ukunda. Alikuwa na studio ya chumba kimoja, na kazi yake kubwa ilikuwa harusi. Sote tulimfahamu, maana ndiye aliyetupiga picha za kadi za kikundi. Katika kadi ya jirani yangu alimwekea jino. Jirani alikuwa na pengo la mbele, na fundi, kwa hisani yake, alichukua brashi na rangi nyeupe akaliziba juu ya picha. Jirani alicheka hata akakaa chini. Alisema huyo wa kwenye kadi ni dada yake aliyeolewa na tajiri.

Nilimpa fundi maagizo kwa maandishi. Kila trei apige mara tatu: moja kutoka juu, tuone vishimo na nafasi kati ya mche na mche; moja kutoka ubavuni, tuone urefu na unene wa shina; na moja ya mche mmoja uliong'olewa, tuone mizizi. Akasoma, akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Nimefahamu, bibi," akasema. "Moja ya familia, moja ya kiuno, na moja ya pasipoti."

Nilipaswa kusimamisha mambo pale pale. Sikufanya hivyo, maana alikuwa ameninunulia soda.

Alirudi baada ya siku kumi na bahasha. Tukakutana chini ya paa la mabati la pampu, ambapo palikuwa na meza, na picha zikapangwa. Kwanza nilidhani ameleta za harusi kwa makosa. Alikuwa amebeba lile pazia lake la studio, lenye maporomoko ya maji na bata wawili, akalitundika nyuma ya trei kila mahali alipokwenda. Kitalu cha Ukunda, trei ilikuwa juu ya kiti chenye kitambaa cha shanga. Mkongani, mwenye kitalu aliikumbatia trei kifuani kama mtoto wa siku arubaini. Na kitalu cha tatu, kilichokuwa Taru kwenye barabara kuu, mbuzi alikuwa ameingia katika picha zote tatu, na katika ile ya pasipoti alikuwa anaangalia kamera vizuri kuliko mwenye kitalu.

"Tuanze na Ukunda," akasema mwenyekiti, akavaa miwani.

Miche ya Ukunda ilikuwa mirefu na ya kijani, imejaa hadi trei haionekani. Mwenye kitalu alikuwa ameweka chupa ya soda kando ili urefu uonekane, na mche ulikuwa umeipita chupa kichwa kizima. Watu wakanong'ona kwa tamaa.

"Hii ni saladi tayari," mwenyekiti akasema.

Nikawaambia waache majani, waangalie mashina. Katika picha ya ubavuni mashina yalikuwa membamba kama uzi wa cherehani, na yote yamelala upande mmoja, kule mwanga ulikotoka. Kila kishimo kilikuwa na miche miwili, mingine mitatu. Miche ikibanwa hivyo inakimbilia juu kutafuta jua, haijengi shina, na upepo wa kwanza wa shambani unailaza. Mche wa nyanya wa kuhamisha ni kama shibiri fupi hivi, shina linakaribia unene wa penseli, majani manne au matano ya kweli. Huu ulikuwa umekaa kitaluni hadi umezeeka. Jirani yangu alichukua picha, akaiweka mbali na uso wake, akasema, "Hawa wamelelewa kwa giza." Tukaiweka kando, ingawa mwenyekiti aliendelea kuitupia jicho.

Ikafuata Taru. Miche yake ilikuwa mifupi, minene, imesimama mmoja mmoja, na kila kishimo kimejaa bila kuruka hata kimoja. Mizizi ya ule uliong'olewa ilikuwa imeushika udongo, ukabaki na umbo la kishimo. Mimi moyo wangu ulitulia. Lakini ilikuwa ya njano. Yote, kuanzia chini hadi juu.

"Ina njaa ya mbolea," akasema mwenyekiti. Watu wakaafiki. Ni kweli mche wenye njaa hugeuka njano, na hilo hata mtoto wa shule alilijua.

Nikasema, "Na bata?"

"Bata gani?"

"Bata wa kwenye pazia. Ukunda ni weupe. Hapa ni wa njano. Kanzu ya mwenye kitalu ni ya njano. Mbuzi ni wa njano. Nao wana njaa ya mbolea?"

Fundi, ambaye alikuwa bado amekaa akingoja sifa, akasema alifika Taru alasiri sana, jua likiwa limelala. Nikaona hapo shauri limekwisha. Lakini mwenyekiti hakuwa mtu wa kushindwa na bata. Akasema huenda pazia lilipata vumbi njiani. Kanzu za watu wa Taru huenda zinafuliwa kwa maji ya chumvi. Na mbuzi wa rangi ya maziwa yaliyochacha wapo, yeye amewapika.

Tulibishana juu ya rangi ya yule mbuzi mpaka adhuhuri. Watu wazima, wenye ardhi na wajukuu, wakipokezana picha na kumtazama mbuzi mdomoni. Mwishowe, kwa kura, ikaamuliwa aulizwe mwenye kitalu. Dereva wa lori la mifugo aliyekuwa akileta ng'ombe Ukunda kutoka Taru alipewa ujumbe: kikundi cha nyanya kinauliza mbuzi wako ni wa rangi gani. Kikao kikaahirishwa.

Jibu lilikuja siku ya nne. Dereva alilisoma kwenye kipande cha pakiti ya sigara, naye alikuwa na uso wa mtu anayejiuliza tunalima nini hasa. *Mbuzi ni mweupe, lakini hauzwi.*

Tukarudi mezani. Taru ikawa imesafishwa kwa sehemu, lakini aibu ya njano ilikuwa imeiganda. Na hapo ndipo mwenyekiti alipofunua picha za Mkongani, kwa namna ya mtu anayefunua sinia.

Sijapata kuona miche mizuri vile. Urefu sawa, nafasi nzuri, kijani cha kupendeza, na jani halina hata doa. Mtu mmoja akasema mashaallah. Mwenyekiti akasema, "Basi, tumemaliza," na mikono ikaanza kunyoshwa.

Mimi nilikwenda kitalu kile msimu uliopita. Nilioneshwa trei, nikainama, nikaona madoa madogo meusi kwenye majani ya chini, kila doa na duara ya njano ikilizunguka. Nilijua ni nini. Ule ni ugonjwa wa bakteria, huja hata na mbegu, na mche ukinyeshewa unasambaza kwa jirani zake. Nikafungua mdomo niseme, na mke wa mwenye kitalu akatokea na sinia la pilau. Akanikaribisha kwa mikono miwili. Nikala. Nilipomaliza kula nilisema miche ni mizuri, Mungu awabariki, nikatia sahihi.

Sasa kitalu kile kile, kwa mwaka mmoja, hakina doa hata moja? Labda walibadilisha mbegu. Labda. Lakini mikono saba ilikuwa juu, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa jirani yangu, uliokuwa na kovu la jembe kwenye kidole gumba. Nikisema ninachokijua, nitaulizwa nimekijuaje. Nikinyamaza, huyu anakwenda jikoni kwa shemeji.

Nikaichukua picha ile ya ubavuni, ili nipate dakika ya kufikiri. Nikaigeuza kwenye mwanga. Picha ilikuwa inang'aa kama kioo, isipokuwa kwenye majani ya chini. Pale palikuwa na viduara visivyong'aa, vingi, vimepooza kama ukuta uliopakwa chokaa. Nikalamba kidole. Nikasugua jani la chini kabisa.

Kijani kikatoka, kikaja na kidole changu. Chini yake palikuwa na doa jeusi lenye duara ya njano.

Nikasugua lingine. Likatoka. Watu wakasimama kutoka kwenye viti. Nikaendelea kusugua mpaka kidole kikawa cha kijani hadi kwenye kifundo, na mche ule mzuri ukawa na madoa kama mtu mwenye tetekuwanga.

Sote tukamgeukia fundi.

Hakuona kosa lolote. "Wallahi, bibi, mimi tangu nianze kazi sijamkabidhi mteja uso wenye madoa," akasema. "Bi harusi akiwa na chunusi nazifuta. Mtu ametayarisha trei yake, amevaa, amenipa chai, nimtoe na madoa? Ni uungwana huo?"

"Umepaka picha zote?" akauliza mwenyekiti.

"Nimetenda haki kwa wote," fundi akajibu.

Ikawa ni vurugu. Kila mtu akanyakua picha, akalamba kidole, akasugua. Mwenyekiti alilowesha leso yake kwa maji ya pampu na kuifuta Ukunda yote, na Ukunda haikubadilika, ilikuwa mbaya kwa uaminifu. Kwenye Taru, miche saba ikafutika kabisa. Ilikuwepo, ikasuguliwa, haipo, vimebaki vishimo vitupu.

"Hayo yalikuwa mapengo," fundi akaeleza. "Nikayaziba, kama lile jino la mama."

"Taru wamekufa saba," mwenyekiti akasema kwa sauti ya msibani.

Nikawaonesha. Vishimo vitupu vilikuwa vimetawanyika, kimoja huku, kimoja kule, na miche ya kando yake imesimama wima. Hizo ni mbegu ambazo hazikuota, na hakuna trei isiyo nazo. Ugonjwa wa kuoza shina unaua kwa kundi. Ungeona kipara mahali pamoja, na pembezoni mwa kipara miche iliyoanguka, shina limesinyaa pale linapogusa udongo. Hapa hapakuwa na kipara. Majani hayakuwa na rangi ya brashi wala doa. Miche hii ilikuwa imezoeshwa jua na kiu ya Taru, na ingekuja kwetu kama mtu anayetoka jela kwenda kazini.

Wakakubali. Mikono ikanyoshwa kwa Taru, kumi na miwili. Nikashusha pumzi. Nilikuwa nimemwokoa bila kusema lolote, na nilijisikia mwerevu, nakiri.

Ndipo jirani yangu akauliza, taratibu, huku ameshika ile picha ya Mkongani yenye madoa.

"Jirani. Wewe ulijuaje pa kusugua?"

Ningeweza kusema niliona pasipong'aa. Ingekuwa kweli nusu. Lakini alikuwa ananitazama mimi, hatazami picha, na kidole changu kilikuwa bado cha kijani.

Nikawaambia. Madoa, pilau, sahihi. Nilisema nikitazama meza.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Pilau ya nini?" akauliza.

"Ya kuku."

"Kwa kuku tu," akasema, akatikisa kichwa, kana kwamba kwa mbuzi angenielewa.

Jirani yangu alikusanya kanga yake akaondoka, na mimi nikabaki nimekaa na aibu ambayo sijapata kuona mfano wake. Siku mbili hakunisalimu. Siku ya tatu alikuja hadi mlangoni kwangu, akakataa kiti.

"Nimefikiria hiyo maneno," akasema. "Wewe si mtu mbaya. Ukishiba ndio unaharibika. Sasa kila Ijumaa ukimaliza sala utakuja shamba yangu, uniambie kila kitu kibaya unaona. Na kwangu hutakula. Hata maji hutakunywa. Mpaka nivune."

Nikakubali, nifanye nini.

Miche ya Taru ilifika kwa lori la mifugo, ikinuka ng'ombe. Tukaihamisha jioni, jua likiwa limepoa. Wiki ya kwanza ilikaa kama imekasirika, haikwenda juu wala chini, na mwenyekiti alipita kila siku akiguna. Kisha ikaanza. Kila Ijumaa nilitembea hadi bondeni, nikainama mstari kwa mstari, nikageuza majani ya chini. Huu umefungwa kwa kukaza. Hapa maji yametuama. Mfereji huu umeuchimba vibaya. Alinifuata nyuma akisikiliza, na jikoni kwake harufu ya muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya kwao bara, na maharage ikitupitia, kwa makusudi, najua. Wiki nyingine nilikuta dosari ndogo mno, nikatamani kunyamaza. Akaniambia, "Sema," nikasema. Nilikuwa narudi nyumbani na njaa yangu, nikimlaani kwa upendo.

Alivuna kabla ya wote. Mpishi wa hoteli alizichukua nyanya zake makreti kwa makreti, na zamu ya maji ikabaki yake.

Siku aliyomaliza kuvuna alinitumia salamu niende mchana. Nilikuta mkeka umetandikwa na sahani ya muthokoi imefunikwa. Kando ya sahani palikuwa na picha. Alikuwa amemwita fundi wa Ukunda ampige na kreti la nyanya, na alinieleza jinsi alivyomtisha asiguse brashi.

Nikanawa, nikanyosha mkono kwenye sahani. Akaivuta kwake.

"Kwanza angalia picha. Useme, ndio ule."

Nikaichukua. Alikuwa amesimama mbele ya maporomoko na bata, anacheka, na kreti kiunoni. Nikaigeuza kwenye mwanga, iling'aa kote. Nikalamba kidole, nikasugua pale kwenye pengo lake. Hakikutoka wala hakikuingia kitu. Pengo lilikuwa pengo.

Nikaangalia nyanya, moja moja, na tumbo langu likilia mpaka yeye akalisikia.

"Hii ya pembeni imepasuka," nikasema. "Uliimwagilia maji mengi baada ya kiu."

"Eeh," akasema. "Ni kweli." Akanisogezea sahani.